Gigahazi 6 kwenye fleti ndogo: ilinganishe na gigahazi 5 kabla ya kununua ruta

Ruta yenye bendi ya gigahazi 6 hunadiwa kwa kasi, na wanaoipinga huwa na hoja moja tu: haivuki ukuta. Anayeishi kwenye fleti ya chumba kimoja cha kulala hasaidiwi na upande wowote kati ya hizo mbili. Kasi inayoandikwa kwenye boksi ni kubwa mno kuliko kifurushi cha intaneti anacholipia, na kuta zenyewe anazo mbili au tatu tu. Kwa nyumba ya aina hiyo mimi naiangalia bendi hii kwa swali jingine: majirani wanakula kiasi gani cha hewa yako ya Wi-Fi saa tatu usiku? Jibu likiwa "kingi", gigahazi 6 inaweza kuwa badiliko kubwa kuliko kuongeza kifurushi. Likiwa "kidogo", baki na ruta uliyo nayo.

Tuchukue fleti ya kawaida ya Nairobi ili tuwe na kitu cha kupimia. Ghorofa ya tatu kati ya sita, sebule, chumba cha kulala, jikoni nyembamba upande wa nyuma. Waya wa faiba unaingilia karibu na mlango wa mbele, na ruta imewekwa hapohapo kwenye meza ya runinga. Kifurushi ni Mbps 40. Juu, chini na ubavuni kuna familia nyingine, kila moja na ruta yake.

Bendi tatu tunazolinganisha ni hizi. Gigahazi 2.4 ndiyo ya zamani, inafika mbali, lakini ina chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na hapo pia ndipo Bluetooth na mikrowevu za jikoni zinapofanyia kazi. Gigahazi 5 ina nafasi pana zaidi, ila nusu yake na zaidi ina masharti ya rada, nitayaeleza baadaye kidogo. Gigahazi 6 ni mpya. Marekani ilifungua bendi nzima, kutoka megahazi 5925 hadi 7125, mwezi Aprili 2020. Kenya imefungua sehemu ya chini, megahazi 5925 hadi 6425, na Ulaya karibu sehemu hiyohiyo. Sehemu ya juu, katika kanda yetu ya Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati, ilitambuliwa kwa ajili ya mitandao ya simu kwenye mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023, kwa hiyo usiihesabu kama ya Wi-Fi ya nyumbani. Hata hiyo nusu ya chini inatosha chaneli tatu za upana wa megahazi 160 bila kugongana. Zikumbuke hizo tatu.

Sasa ukuta, maana ndiyo hofu kuu.

Mawimbi hupungua kwa njia mbili. Kwanza umbali wenyewe: kadiri masafa yanavyopanda, antena ya ukubwa wa simu hunasa kidogo zaidi kwa umbali uleule. Kutoka gigahazi 5.2 hadi 6.2 tofauti hiyo ni desibeli 1.5 tu, ndogo kiasi kwamba ukisogea hatua moja karibu na ruta umeifuta. Kutoka gigahazi 2.4 ni kama desibeli 8, na hiyo inaonekana. Pili, kile ukuta unachomeza. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lina kanuni ya kukokotoa jinsi vifaa vya ujenzi vinavyomeza mawimbi. Kwa zege la unene wa sentimita 15, toleo lake la 2015 linatoa takribani desibeli 7 kwenye gigahazi 2.4, desibeli 13 kwenye 5.2, na desibeli 15 kwenye 6.2. Ongeza desibeli mbili hivi za mawimbi yanayorudishwa na uso wa ukuta. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu.

Ziangalie hizo namba vizuri, kwa sababu zinapindua usemi uliozoeleka. Mruko mkubwa uko kati ya gigahazi 2.4 na 5. Kati ya 5 na 6, ukuta mmoja wa zege unaongeza desibeli 2 tu. Ikiwa gigahazi 5 inakufikia vizuri chumbani leo, ukuta huohuo pekee hauwezi kuizuia gigahazi 6. Mtu anayesema gigahazi 6 inakufa mlangoni mara nyingi amepima kitu kingine bila kujua, nacho ni upana wa chaneli, au nguvu ndogo ya kurusha, au vyote viwili.

Nimeikokotoa fleti yetu. Nimechukua nguvu ya kurusha ya miliwati 200 kwa gigahazi 5 na 6, ambacho ndicho kikomo cha Ulaya kwa ruta za ndani kwenye gigahazi 6 na kwenye sehemu ya chini ya gigahazi 5, na miliwati 100 kwa gigahazi 2.4. Namba zilizomo kwenye jedwali ni zile ambazo simu huonyesha kwa dBm. Zote ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu.

| Mahali | GHz 2.4 | GHz 5 | GHz 6 |
|---|---|---|---|
| Sebuleni, mita 3, hakuna ukuta | −30 | −33 | −35 |
| Chumbani, mita 7, ukuta mmoja | −46 | −56 | −59 |
| Jikoni, mita 9, kuta mbili | −57 | −73 | −78 |

Haya ni makisio ya mstari ulionyooka. Nyumbani kwako mlango ulio wazi unaweza kukupa desibeli kadhaa za bure, na nondo ndani ya zege, ukuta mbichi baada ya mvua, kioo kikubwa cha kabati au jokofu vinaweza kukunyang'anya nyingi zaidi. Majengo mengi ya Nairobi yana nguzo za zege na kuta za mawe ya kuchonga, si zege tupu, kwa hiyo usichukue desibeli 15 kama hukumu ya ukuta wako. Kizigeu cha jipsamu hakimezi chochote cha kukusumbua. Lakini umbo la jedwali ni la kuaminika: chumba kimoja na ukuta mmoja ni salama, kuta mbili ni mpakani.

Kwenye mpaka ndipo upana wa chaneli unapoingia. Ukipanua chaneli mara mbili, simu inasikiliza eneo pana mara mbili, na kelele inayoingia inaongezeka kwa desibeli 3. Chaneli ya megahazi 80 ina kelele ya msingi kama −88, ya 160 kama −85, ya 320 kama −82, kwa kifaa cha kawaida. Rudi jikoni. Kwenye gigahazi 6 mawimbi ni −78, na chaneli ya 160 ina kelele −85, kwa hiyo simu imebakiwa na desibeli 7 za kufanyia kazi. Hapo inaongea kwa lugha ya polepole kabisa na kukatika mara kwa mara. Kwenye gigahazi 5 kwa chaneli ya 80 mawimbi ni −73, kelele −88, zimebaki desibeli 15, na video inacheza bila shida. Kuta pamoja na masafa yenyewe vimechangia desibeli 5 katika tofauti hiyo ya 8. Tatu zimetoka kwenye upana ambao mtu aliuchagua mwenyewe kwa sababu namba yake ilikuwa kubwa. Punguza chaneli ya gigahazi 6 hadi megahazi 80 na jikoni inaokoka kwa kiasi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo jedwali halionyeshi. Hiyo ni nguvu ya ruta kwenda kwenye simu. Simu inapojibu hutumia nguvu ndogo kuliko ruta, kwa sababu ya betri. Safari ya kurudi ndiyo inayovunjika kwanza. Ndiyo maana pembezoni utaona alama za Wi-Fi zimejaa vizuri na ukurasa haufunguki, au rafiki yako kwenye simu ya video unamsikia sawasawa lakini yeye anakwambia unakatika.

Basi, kwa fleti hii, gigahazi 6 inafika sebuleni na chumbani, na jikoni inasuasua. Je, ikifika inaleta nini?

Si kasi ya intaneti. Simu yenye antena mbili kwenye gigahazi 5, chaneli ya megahazi 80, huunganika na ruta ya Wi-Fi 6, yaani kizazi cha sita cha Wi-Fi na si bendi ya gigahazi 6, kwa hadi Mbps 1201. Kwa matumizi halisi pata nusu yake au zaidi kidogo. Kwa gigahazi 6 na chaneli ya 160 muunganiko huwa hadi Mbps 2402. Kifurushi ni Mbps 40. Namba zote mbili zimekipita mbali sana, na mtu akikuonyesha kipimo cha kasi kilichotoka 38 kikaenda 40 baada ya kununua ruta, amekuonyesha gharama tu.

Kinacholetwa ni utulivu wa hewa. Wi-Fi hufanya kazi kwa zamu: kifaa husikiliza kwanza, kikisikia mwingine anaongea kwenye chaneli hiyo, kinangoja. Ruta ya jirani kwenye chaneli yako inakufanya ungoje hata kama huna neno lake la siri na hata kama mawimbi yake yamefika yakiwa dhaifu. Katika jengo la ghorofa sita, ruta nyingi za bei nafuu hazigusi chaneli zenye masharti ya rada, kwa hiyo gigahazi 5 inayoonekana pana kwenye karatasi inabanwa kwenye mafungu mawili ya megahazi 80: chaneli 36 hadi 48, na 149 hadi 161. Familia kumi na mbili kwenye mafungu mawili. Masharti yenyewe ni kwamba ruta lazima isikilize kwanza kwa angalau sekunde 60 kabla ya kurusha kwenye chaneli za katikati, na ikisikia rada ihame mara moja. Ukitaka chaneli ya 160 kwenye gigahazi 5, huwezi kuyakwepa, angalau nusu yake itaangukia humo.

Gigahazi 6 haina sharti hilo la rada. Vifaa vya zamani haviwezi kuingia kabisa, kwa hiyo simu ya mwaka 2018 ya jirani haitakuja kukaa hapo kwa lugha yake ya polepole. Na ule udhaifu wa kuvuka kuta unageuka kuwa ulinzi. Dari la zege la sentimita 15 linalokumezea desibeli 17 za mawimbi yako linameza desibeli 17 za mawimbi ya jirani wa juu pia. Kwenye jumba kubwa la ghorofa mbili la familia moja, jambo hilo ni hasara tupu, maana watu walio ghorofani wanatumia ruta ileile ya chini. Kwenye fleti ndogo kila mtu ana ruta yake ndani ya mita chache, na kila ukuta unaotenganisha nyumba unafanya kazi ya kumzuia asiyehusika. Naliona hili kuwa jambo la msingi kuliko yote katika ulinganisho huu: bendi fupi inafaa zaidi pale nyumba zilipo ndogo na zilipobanana.

Lakini manufaa hayo yapo tu kama hewa yako imejaa kweli. Na hilo linapimika bila kununua kitu.

Kaa sebuleni, mita mbili au tatu kutoka kwenye ruta, na laptopu ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Ikiwa kwenye betri, kadi ya Wi-Fi hulala lala ili kuokoa chaji, na kipimo kinaharibika. Hakikisha umeunganika kwenye gigahazi 5. Kisha uliza ruta yenyewe, si intaneti, inajibu kwa muda gani. Anwani ya ruta nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwenye Windows:

```
ping -n 100 192.168.1.1
```

Kwenye Mac au Linux:

```
ping -c 100 192.168.1.1
```

Fanya hivyo saa nne asubuhi siku ya kazi, kisha tena saa tatu usiku. Hakikisha nyakati zote mbili hakuna mtu nyumbani kwako anayepakua kitu. Hewa ikiwa safi utaona milisekunde 2, 3, 2, 5, karibu zote zikifanana. Hewa ikiwa imejaa, wastani unaweza kuwa bado mzuri, ila katikati mwa mfululizo zitajitokeza 60, 140, 300, na pengine jibu moja au mawili yamepotea. Usitazame wastani uliowekwa mwishoni, tazama hizo zinazoruka. Ndizo zinazokatiza sauti kwenye simu ya video.

Kisha pima tena usiku huohuo kwa kuuliza nje, mfano 8.8.8.8 ya Google badala ya anwani ya ruta. Ruta ikijibu kwa utulivu na nje ikawa vurugu, tatizo liko kwenye laini au kwenye kampuni ya intaneti, na hakuna ruta duniani itakayolitatua. Vurugu ikianzia kwenye ruta, tatizo liko hewani, ndani ya mita hizo tatu, na hapo gigahazi 6 ina la kusema.

Kwenye Windows 11 unaweza pia kuona majirani wako kwenye chaneli zipi:

```
netsh wlan show networks mode=bssid
```

Kila mtandao utaonyeshwa na chaneli yake na nguvu yake kwa asilimia. Ukikuta kila mtu amejazana 36 na wewe uko 36, jaribu kwanza kuhamia 149, au chaneli ya katikati kama 100 ikiwa ruta yako inairuhusu. Rudia ping siku inayofuata. Mara nyingi hatua hii ya bure inamaliza tatizo. Ikilimaliza, huhitaji kusoma sehemu ya ununuzi.

Tuseme fleti yetu haikupona. Umebadilisha chaneli, na usiku bado majibu ya ruta yanaruka hadi milisekunde 200. Kabla ya pesa kutoka mfukoni, hesabu vifaa. Gigahazi 6 inahitaji kifaa cha upande wa pili kinachoifahamu, yaani kilichoandikwa Wi-Fi 6E, au Wi-Fi 7 chenye gigahazi 6. Wi-Fi 6 bila herufi E haitoshi. Kwa upande wa Samsung, Galaxy S21 Ultra ya mwaka 2021 ilikuwa ya kwanza. Kwa Apple, simu za kwanza ni iPhone 15 Pro na Pro Max za 2023. Simu nyingi za bei ya kati hazina hadi leo. Laptopu yenye kadi ya Intel AX210 inayo, lakini lazima iwe na Windows 11, kwani Windows 10 haifungui bendi hiyo hata kadi ikiwa nzuri. Runinga, kamera na spika za nyumbani kwa kawaida hazina.

Hapa ndipo ninapowaambia watu wengi wasubiri. Kama kifaa kinachokukera ni runinga inayosita usiku, na runinga haina gigahazi 6, ruta mpya haitaigusa. Mpe runinga waya wa Etheneti, iko mita moja tu kutoka kwenye ruta. Kuiondoa runinga hewani kunawapa nafuu wote waliobaki. Lakini kama kinachokukera ni laptopu ya kazi, mikutano ya video kila siku, na laptopu hiyo ina AX210 au mpya zaidi, basi kifaa kimoja tu kinatosha kuhalalisha ununuzi. Kitahamia kwenye bendi tulivu peke yake, na vingine vitabaki kwenye gigahazi 5 na msongamano uliopungua kidogo.

Kuna kundi jingine linalofaidika hata kama hewa ya jengo ni safi: wanaohamisha mafaili makubwa ndani ya nyumba. Mpiga video za harusi anayenakili gigabaiti 60 kutoka laptopu kwenda diski iliyounganishwa na ruta hatumii intaneti kabisa, kwa hiyo kifurushi cha Mbps 40 hakimzuii. Kwenye gigahazi 5 iliyojaa akipata Mbps 250, kazi hiyo inachukua dakika 32. Kwenye gigahazi 6 akipata Mbps 900, ni dakika 9. Hapo upana wa chaneli unalipa. Angalia tu kwamba tundu la Etheneti la ruta au la diski, likiwa la gigabiti 1, litamkatia kwenye Mbps 940 hivi hata kama hewa inaweza zaidi, na diski yenyewe ikiwa ya zamani itamkatia mapema zaidi.

Sasa dukani. Usinunue kwa jina "Wi-Fi 7" peke yake. Zipo ruta za Wi-Fi 7 zenye bendi mbili tu, 2.4 na 5, bila gigahazi 6 kabisa. Nyingi kati ya zilizoandikwa BE3600 ziko hivyo: herufi na namba hizo zinatokana na kujumlisha Mbps 688 za gigahazi 2.4 na 2882 za gigahazi 5, kisha kukadiria juu. Neno "Tri-Band" nalo halitoshi, kwa sababu ruta za zamani za bendi tatu zilikuwa na gigahazi 5 mbili. Tafuta maandishi 6 GHz yenyewe kwenye boksi, pamoja na kasi yake. Kati ya Wi-Fi 6E na Wi-Fi 7 zenye gigahazi 6 zote mbili, kwa fleti hii mimi nachukua iliyo nafuu. Chaneli ya megahazi 320 inayonadiwa na Wi-Fi 7 huchukua zaidi ya nusu ya nafasi tuliyoruhusiwa, inakuwepo moja tu, na inakuongezea kelele. Kwenye jengo lililobanana ni afadhali kila nyumba ichukue 160 au 80 yake, nanyi mtabaki na utulivu mlioununua.

Jihadhari hasa na ruta iliyoletwa kwenye sanduku kutoka Marekani. Kwa kuwa huko bendi nzima imefunguliwa, ruta ikiachwa ijichagulie inaweza kwenda kwenye chaneli ya juu, mfano 149 au 197 ya gigahazi 6. Simu yako inajua iko Kenya na haitafuti huko. Matokeo yake ni kwamba ruta inaonyesha gigahazi 6 inafanya kazi, na hakuna kifaa kinachoiona. Ukikutana na hali hiyo usirudishe simu dukani. Isitoshe, sehemu hiyo ya juu si ya matumizi haya hapa kwetu, na ruta isiyokubali kuwekwa nchi sahihi usiinunue.

Mipangilio ya siku ya kwanza haihitaji mengi. Weka nchi sahihi. Chagua chaneli ya gigahazi 6 kati ya 5, 21, 37, 53, 69 na 85, kwani hizo ndizo vifaa huzitazama kwanza vinapotafuta mtandao kwenye bendi hii. Nyingine zilizo katikati kifaa kinaweza kuzipita bila kuziona. Anza na upana wa megahazi 80, pima chumbani, kisha jaribu 160. Usalama wa gigahazi 6 ni lazima uwe WPA3, hakuna njia ya WPA2 huko. Kwa gigahazi 2.4 na 5 tumia mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ili runinga na kamera za zamani zisifungiwe nje.

Bendi zote tatu zikiwa na jina moja, kifaa chenyewe ndicho kinachochagua, na wakati mwingine kinang'ang'ania gigahazi 5 kwa sababu mawimbi yake yana nguvu kidogo zaidi. Usidhani, thibitisha:

```
netsh wlan show interfaces
```

Tazama mstari wa Band. Ukisema 5 GHz ukiwa mita tatu kutoka kwenye ruta, zima Wi-Fi ya laptopu na uiwashe tena ukiwa hapohapo. Isipobadilika, ipe gigahazi 6 jina lake, uunganishe laptopu ya kazi tu humo, na vingine vyote viache kwenye jina la zamani. Kosa la jina tofauti ni kwamba laptopu ikienda jikoni itang'ang'ania gigahazi 6 hadi ikatike. Kama hufanyii kazi jikoni, halikuhusu.

Sehemu ya kuweka ruta inabadilisha jedwali letu kuliko chapa yoyote. Ikihamishwa kutoka kwenye meza ya runinga hadi karibu na mlango wa chumba cha kulala, juu ya kabati la urefu wa kiuno, jikoni nayo inaweza kubaki na ukuta mmoja badala ya mbili, na gigahazi 6 ikapanda kutoka −78 hadi karibu −60. Waya wa Etheneti wa mita 10 kutoka kwenye kisanduku cha faiba ni wa bei ndogo ukilinganisha na ruta.

Kwa bedsita, yaani chumba kimoja ambamo kitanda, meza na jiko viko mbele ya macho, swali la ukuta halipo: gigahazi 6 inafika kila kona, na kinachobaki ni kipimo cha ping na orodha ya vifaa. Kwa fleti ya vyumba viwili au vitatu yenye korido ndefu na ruta mlangoni, nisingenunua ruta moja ya gigahazi 6 nikitegemea chumba cha mwisho. Kule nyuma familia itarudi kwenye gigahazi 5 kila siku, na pesa ileile ikiwekwa kwenye waya hadi katikati ya korido na ruta ya pili ya Wi-Fi 6 ya kawaida, iliyo kwenye chaneli tofauti na ya kwanza, itawapa wote utulivu zaidi.

Pima ping upya baada ya kila badiliko, saa tatu usiku ileile, mita tatu zilezile. Siku za mwisho wa wiki jengo linakuwa na watu zaidi, kwa hiyo linganisha Jumanne na Jumanne, Jumapili na Jumapili.